Miaka mitano inapohesabiwa minne

Mfanyakazi wa ghala ameanza kazi tarehe 1 Januari 2019. Kampuni inapunguza watu, naye siku yake ya mwisho kazini ni 31 Desemba 2023. Mtu yeyote akiulizwa amefanya kazi miaka mingapi atahesabu kwa vidole: 2019, 2020, 2021, 2022, 2023. Mitano. Karani wa mishahara naye anafungua Excel, anaweka tarehe ya kuanza kwenye seli A2 na ya kumaliza kwenye B2, kisha anaandika fomula aliyofundishwa na aliyemtangulia:

```
=DATEDIF(A2,B2,"Y")
```

Jibu linatoka 4.

Hakuna rangi nyekundu wala onyo lolote. Namba imekaa kwenye seli kama namba nyingine zote, na ikifika kwa mhasibu inageuka kuwa fedha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaagiza kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi ukomo wa miaka 10. Mfanyakazi huyu akiwa analipwa shilingi 30,000 kwa siku, miaka mitano ni siku 35, yaani shilingi 1,050,000. Kwa miaka minne anapata siku 28, yaani shilingi 840,000. Shilingi 210,000 zimepotea, wala hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Upande wa Kenya, ambako Sheria ya Ajira ya 2007 inataka siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika pale mtu anapopunguzwa kazini, kosa hilohilo lingeuma mara mbili na zaidi.

Ajabu ni kwamba DATEDIF haikukosea hesabu. Imejibu swali ambalo karani hakuuliza.

Kuona hilo kunahitaji kujua Excel inavyoitunza tarehe. Kinachoonekana kwenye seli kama 31/12/2023 ndani yake ni namba moja tu, idadi ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900. Tarehe 1 Januari 2019 ni 43466, na 31 Desemba 2023 ni 45291. Ukitaka kuziona, badili muundo wa seli uwe General. Namba hiyo husimama mahali pamoja kwenye siku, nako ni saa sita usiku siku inapoanza. Kwa hiyo kompyuta ikisoma 31 Desemba 2023, inasoma dakika ile siku inapofunguka, kabla mfanyakazi hajaamka kwenda kazini. Toa 43466 kwenye 45291 upate 1825, ilhali siku alizokuwa kwenye ajira ni 1826. Siku ya mwisho haikuhesabiwa, na kwa sababu miaka mitano inatimia siku hiyohiyo inapoisha, mwaka mzima umeondoka nayo.

Dawa yake ni fupi:

```
=DATEDIF(A2,B2+1,"Y")
```

Ile +1 inasogeza mwisho hadi saa sita usiku wa kuamkia 1 Januari 2024, na jibu linakuwa 5. Lakini isiwekwe kila mahali kama chumvi. Panapoandikwa siku ya mwisho ya kazi, ya kodi ya nyumba au ya bima, siku hiyo nayo imo kwenye hesabu, kwa hiyo moja inaongezwa. Umri ni jambo jingine. Mtoto aliyezaliwa 15 Juni 2010 anatimiza miaka 14 tarehe 15 Juni 2024, na fomula bila kuongeza kitu inasema hivyohivyo. Ukimwekea +1 atakuwa na miaka 14 tangu tarehe 14, siku moja kabla ya wakati wake.

Asili ya fomula hii inaeleza mengi. Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyotoka mwaka 1983, ndiyo iliyotawala maofisi ya miaka ile, na Excel ilipokuja ilibidi ifungue mafaili ya Lotus bila kuyaharibu. DATEDIF imo ndani ya Excel kwa ajili hiyo, na Microsoft wenyewe wanasema ipo ili kusaidia mafaili ya zamani ya Lotus, tena wanaonya kwamba katika hali fulani inaweza kutoa majibu yasiyo sahihi. Hata hosteli yake imefichwa: ukianza kuandika =DATE kwenye Excel, orodha inayoshuka inakuletea DATE na DATEVALUE, ila DATEDIF haimo. Inabidi uiandike yote kwa kumbukumbu. Ndiyo maana huenea kwa kunong'onezana, kutoka kwa karani mmoja hadi mwingine, bila maelezo ya tabia zake. Google Sheets wao wameiweka hadharani pamoja na fomula nyingine.

Tabia yake ya pili inahusu mwisho wa mwezi. Ukiiomba miezi kwa herufi "M", DATEDIF inahesabu miezi kwa kalenda, kisha inalinganisha namba ya siku: ile ya mwisho ikiwa ndogo kuliko ya mwanzo, inapunguza mwezi mmoja. Haijiulizi kama mwezi wa mwisho una siku ya namba hiyo. Aliyeajiriwa 31 Agosti 2023 akipimwa tarehe 29 Februari 2024 anapewa miezi 5, kwa kuwa 29 ni ndogo kuliko 31. Kwamba Februari ya mwaka ule haikuwa na siku nyingine zaidi ya hiyo, fomula haijali. Kesho yake, 1 Machi, anapata 6. Vivyo hivyo, kutoka 31 Januari hadi 30 Aprili inasema miezi 2, ingawa zote ni siku za mwisho wa mwezi na watu wengi wangesema mitatu.

Je, ni kosa? Hapo wataalamu wenyewe hawaafikiani, na kila upande una hoja. Lakini anayetumia fomula lazima ajue kwamba imekwisha kumchagulia upande. Sheria ya Tanzania iliyotajwa hapo juu inawaondoa wafanyakazi wenye chini ya miezi 6 kazini katika ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Kama mtu aliyeanza 31 Agosti amefikisha miezi 6 ifikapo 29 Februari ni swali la mwanasheria, na lisiamuliwe na herufi moja iliyofungwa ndani ya alama za kunukuu.

Aliyeajiriwa 29 Februari 2020 yumo kwenye mkumbo huo. Tarehe 28 Februari 2021 DATEDIF inampa mwaka 0, na mwaka wake wa kwanza unatimia 1 Machi.

Mpaka hapa mtu anaweza kuitetea fomula hii. Herufi mbili "MD" ndizo zinazoivua nguo. Kazi yake ni kutoa siku zinazobaki baada ya miezi kamili kuondolewa, na hupendwa sana na wanaotaka umri au utumishi uandikwe kwa ukamilifu wake:

```
="Miaka "&DATEDIF(A2,B2,"Y")
 &", miezi "&DATEDIF(A2,B2,"YM")
 &", siku "&DATEDIF(A2,B2,"MD")
```

Karatasi ya kliniki yenye fomula hiyo hupendeza, hadi ifike mwanzoni mwa Machi. Chukua watoto watano waliozaliwa mwaka 2023, wote wakiletwa kliniki tarehe 1 Machi mwaka huohuo. Aliyezaliwa 28 Januari anapata mwezi 1 na siku 1. Wa 29 Januari, mwezi 1 na siku 0. Wa 30 Januari, mwezi 1 na siku -1. Wa 31 Januari, mwezi 1 na siku -2. Wa tano, aliyezaliwa 1 Februari, anapata mwezi 1 na siku 0.

Someni tena majibu hayo. Mtoto wa 31 Januari amemtangulia wa 1 Februari kuja duniani, lakini kwenye karatasi anaonekana mdogo kwake kwa siku mbili. Wa 29 Januari na wa 1 Februari, waliopishana kwa siku tatu, wamekuwa pacha.

Chanzo ni kukopa. Excel inapotaka kutoa 31 kwenye 1 haiwezi, basi inakopa siku kutoka mwezi ulio kabla ya tarehe ya mwisho, ambao hapa ni Februari yenye siku 28. Inafanya 1 kuongeza 28, kutoa 31, na hesabu inaangukia -2. Mwaka mrefu, Februari inapokuwa na 29, ingekuwa -1. Tarehe za mwanzo zikiwa 31 na mwezi uliokopwa ukiwa na siku 30 tatizo hujificha zaidi, kwa sababu jibu linaweza kuwa 0, na sifuri haimshtui mtu. Ile -2 angalau inaonekana. Microsoft wanaitaja "MD" kwa jina na kushauri isitumike, kwa kuwa yaweza kutoa namba hasi, sifuri au jibu lisilo sahihi.

Njia iliyo salama inaanza na fomula nyingine, EDATE, ambayo haina umaarufu lakini ina adabu. Unaipa tarehe na idadi ya miezi, nayo inakurudishia tarehe ya mbele. Uzuri wake ni kwamba ikikuta mwezi hauna siku hiyo, inasimama kwenye siku ya mwisho iliyopo. Mwezi mmoja baada ya 31 Januari 2023 inasema ni 28 Februari 2023. Kanuni yake ni hiyo moja, na haibadiliki.

Kwa hiyo badala ya kuuliza miezi mingapi imepita, unakisia idadi, unaipeleka EDATE, kisha unaangalia kama imepitiliza. Weka ukisiaji kwenye C2, miezi kamili kwenye D2, na siku zilizobaki kwenye E2:

```
C2: =(YEAR(B2)-YEAR(A2))*12+MONTH(B2)-MONTH(A2)
D2: =C2-(EDATE(A2,C2)>B2)
E2: =B2-EDATE(A2,D2)
```

Mstari wa kwanza unahesabu miezi ya kalenda bila kutazama siku. Wa pili unauliza: nikisogeza tarehe ya mwanzo miezi hiyo yote, je, nitaipita tarehe ya mwisho? Kama ndiyo, Excel inalihesabu jibu hilo kuwa 1, na mwezi mmoja unapunguzwa. Kama sivyo ni 0, na hakuna kinachoguswa. Wa tatu unatoa siku zilizobaki kuanzia pale miezi kamili ilipoishia. Miaka inapatikana kwa =INT(D2/12), na miezi ya ziada kwa =MOD(D2,12).

Turudi kwa mtoto wa 31 Januari. C2 inatoa 2, kwa sababu Januari hadi Machi ni miezi miwili ya kalenda. EDATE ya miezi 2 ni 31 Machi, ambayo imeipita 1 Machi, hivyo D2 inashuka hadi 1. EDATE ya mwezi 1 ni 28 Februari, na kutoka hapo hadi 1 Machi ni siku 1. Mwezi 1 na siku 1. Namba hasi haiwezi kutokea, kwa kuwa D2 imekwisha kuhakikisha kwamba tarehe inayotolewa haijaipita ile ya mwisho. Masharti ni mawili tu: tarehe ya mwanzo isiwe baada ya ya mwisho, na tarehe zisibebe saa ndani yake. Zikiwa zimetoka kwenye mfumo unaorekodi na saa, zipitishwe kwanza kwenye INT.

Jambo moja dogo huwachanganya wanaoijaribu mara ya kwanza: E2 inaweza kuonekana kama tarehe ya ajabu ya mwaka 1900 badala ya siku 1. Fomula haina kosa, seli ndiyo iliyobaki na muundo wa tarehe. Ibadilishwe kuwa General. Na wasomaji wa Burundi au Kongo ambao Excel yao iko kwa Kifaransa watakuta EDATE ikiitwa MOIS.DECALER, na mikato ndani ya mabano imegeuka kuwa nukta mkato.

Njia hii nayo ina mpaka wake, na ni haki usemwe. Watoto waliozaliwa 28, 29, 30 na 31 Januari wote wanne watapewa mwezi 1 na siku 1 tarehe 1 Machi, ingawa wamepishana siku tatu. Hilo haliepukiki maadamu urefu unapimwa kwa miezi, kwa sababu miezi yenyewe hailingani. Angalau hapa hakuna mkubwa anayeonekana mdogo. Panapohitajika tofauti ya kila siku, kama kwa vichanga, afadhali umri uandikwe kwa siku au wiki, na hapo =B2-A2 inatosha bila fomula yoyote.

Kuna wanaoikwepa DATEDIF kwa kugawanya. Wanachukua siku zote, wanagawanya kwa 365.25, wanakata desimali. Wengine wanatumia YEARFRAC, fomula inayotoa miaka kwa sehemu, wakidhani imetengenezwa kwa umri. Ijaribu kwa mtu aliyezaliwa 1 Machi 2000, anayetimiza miaka 18 tarehe 1 Machi 2018. Kati ya siku hizo mbili zimepita siku 6574. Gawanya kwa 365.25 upate 17.9986, na INT itasema 17. YEARFRAC ikipewa chaguo la 1, lile linalotumia siku halisi, nayo inatoa kama 17.998, kwa sababu inagawanya kwa wastani wa urefu wa miaka yote kuanzia 2000 hadi 2018. Kijana aliyefikisha umri wa kupiga kura siku hiyo anaambiwa arudi kesho. Anayegawanya kwa 365 kavu anapata kosa la upande wa pili: kijana huyohuyo anakuwa mtu mzima siku 4 kabla ya siku yake. YEARFRAC ina kazi yake halali kwenye riba na hati fungani, ambako mkataba wenyewe husema siku zihesabiwe vipi. Umri na utumishi si kazi yake.

Hatari nyingine inakuja ofisi inapohama kutoka Excel kwenda kwenye mfumo mkubwa. Kwenye SQL Server na Power BI kuna fomula ya DATEDIFF, yenye F mbili mwishoni. Jina linakaribia kufanana, tabia ni tofauti kabisa. Ile ya Excel huhesabu miaka iliyotimia, hii huhesabu mipaka iliyovukwa. Kwenye SQL Server:

```
SELECT DATEDIFF(year,'2023-12-31','2024-01-01');
```

Jibu ni 1. Mtu aliyeajiriwa jana ana mwaka mmoja kazini, kwa kuwa amevuka usiku wa mwaka mpya. Kwenye MySQL mambo yamegeuka tena: DATEDIFF yao hutoa siku tu, na anayetaka miezi au miaka iliyotimia hutumia TIMESTAMPDIFF, ambayo mwisho wa mwezi hufanya kama DATEDIF ya Excel, yaani kutoka 31 Januari hadi 29 Februari inasema miezi 0. Ripoti ikihamishwa na miaka ya utumishi ya watu ikabadilika bila sababu, hapo ndipo pa kuanzia kutafuta.

Seli tupu nazo zina vituko vyao. Tarehe ya kuzaliwa isipojazwa, Excel inaisoma kama 0, na mtu huyo anapewa umri wa miaka 120 na ushee. Akitokea mzee wa namna hiyo kwenye orodha ya wanafunzi, tatizo liko kwenye fomu yake.

DATEDIF ya "Y" na "M" inaweza kubaki kazini kwa wale waliokwisha kuamua siku ya mwisho inahesabiwa au haihesabiwi, na ambao tarehe zao za mwanzo hazizidi 28 ya mwezi. "MD" haistahili nafasi hata moja. Mwenye mafaili ya zamani abonyeze Ctrl+F, aandike "MD" pamoja na alama zake za kunukuu, achague kutafuta ndani ya fomula na kwenye kitabu kizima, kisha kila inapotokea aweke E2 ya hapo juu. Fomula mpya isikabidhiwe kwa mtu kabla ya kujaribiwa kwa jozi tatu za tarehe: 1 Januari 2019 hadi 31 Desemba 2023, 31 Januari 2023 hadi 1 Machi 2023, na 1 Machi 2000 hadi 1 Machi 2018.